UZI: Faida inapanda kila mwaka, fedha za uendeshaji zimeganda palepale. Hii kampuni ina nini?

Nahodha_Mkavu (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Nina hisa za kampuni moja inayofunga na kukarabati mitambo ya viwandani kwa mikataba. Jina sitaji, maana sina ushahidi wa ubaya wowote na sitaki kumchafua mtu. Ripoti ya mwaka imetoka, wenye hisa wote wanashangilia faida. Mimi nikaruka kurasa za picha, nikaenda kwenye mtiririko wa fedha, kisha nikafungua ripoti za nyuma mpaka 2020. Haya ndiyo niliyoyakuta, takwimu zote ni milioni za sarafu yao:

2020: mapato 400, faida baada ya kodi 40, fedha za uendeshaji 43
2021: mapato 480, faida 48, fedha 34
2022: mapato 570, faida 58, fedha 32
2023: mapato 670, faida 69, fedha 33
2024: mapato 780, faida 81, fedha 33

Faida imezidi mara mbili. Fedha zilizoingia kutokana na kazi yenyewe zimepungua. Mkurugenzi wa fedha ameandika sentensi moja tu, kwamba tofauti inatokana na "muda wa malipo ya wateja". Mwaka wa kwanza ningemwelewa. Huu ni wa nne mfululizo.

Wenye uzoefu, hapa mnaonaje?

---

Kisukuku

Mkuu, punguza presha. Hiyo ni kampuni inayokua, basi. Ukiongeza kazi, unalipa mafundi na vifaa leo, mteja anakulipa baadaye. Kadiri unavyokua ndivyo fedha zinavyozidi kunasa kwa wateja. Siku ikiacha kukua, fedha zote zitarudi. Mapato yamepanda kwa karibu asilimia 18 kila mwaka, unategemea fedha zibaki wapi?

Watu wameuza hisa nzuri kwa woga wa namna hii.

---

Mwanachuo_wa_Mwisho

Nadhani pia kuna suala la uchakavu wa mitambo. Uchakavu si fedha taslimu, ni hesabu za kwenye vitabu tu. Kwa hiyo faida na fedha haziwezi kulingana hata siku moja. Chuoni tumefundishwa hivyo.

---

Mama_Mizania

Mwanachuo, ulichofundishwa ni sahihi ila umekigeuza. Uchakavu unapunguza faida bila kutoa fedha mfukoni. Kwa hiyo kwenye taarifa ya mtiririko, uchakavu *unarudishwa juu ya* faida. Kampuni yenye mitambo, mambo yakiwa ya kawaida, fedha zake za uendeshaji zinatakiwa ziwe *juu* ya faida. Zikilingana tu na faida, tayari kuna kitu kimemeza kiasi sawa na uchakavu. Zikishuka chini ya faida, kimemeza uchakavu wote na sehemu ya faida.

Ndiyo maana wanaotoa faida kasoro fedha na kuishia hapo wanaona nusu ya shimo. Nahodha, nipe uchakavu wa 2021 hadi 2024, na salio la wadaiwa kila mwisho wa mwaka. Wadaiwa wote, pamoja na kazi zilizohesabiwa mapato lakini hazijatumiwa ankara, kama wanazo.

Kisukuku, hoja yako ya ukuaji si ya kupuuza. Ila inapimika, kwa hiyo tuipime kwanza kabla hatujaiamini.

---

Nahodha_Mkavu

Asante Mama. Uchakavu: 13, 14, 15, 16. Wadaiwa kwa jumla, kuanzia mwisho wa 2020: 72, 101, 142, 195, 262.

Mali ghalani na madeni kwa wasambazaji havijabadilika sana, jumla yake imeongeza fedha kama 8 hivi kwa miaka yote minne.

---

Mama_Mizania

Vizuri, sasa twende polepole.

Miaka minne ya mwisho faida jumla ni 256. Ongeza uchakavu 58, unapata 314. Hizo ndizo fedha ambazo zingeingia kama kila kilichoitwa mapato kingelipwa kwa mwendo uleule. Zilizoingia ni 132. Shimo ni 182. Wadaiwa wameongezeka kwa 190, wasambazaji na ghala wakarudisha 8. Hesabu imefunga, hakuna kitu kingine cha kutafuta: kila kitu kimelala kwa wadaiwa.

Sasa hoja ya Kisukuku. Mwaka 2020 wadaiwa 72 kwa mapato 400 ni siku 66 za mapato. Tuseme kampuni imekua hivyohivyo, ila wateja wakaendelea kulipa kwa siku 66 zilezile. Mwisho wa 2024 wadaiwa wangekuwa wangapi?

```
72 / 400 × 780 = 140
262 − 140 = 122
```

Wangekuwa 140. Wako 262. Maana yake ni kwamba katika lile ongezeko la 190, ukuaji unaeleza 68 tu. Zile 122 zilizobaki hazihusiani na kukua. Zinatokana na kila mapato kuchukua muda mrefu zaidi kugeuka fedha: siku 66, kisha 77, 91, 106, na sasa 123.

Tena angalia, ukiziongeza hizo 122 kwenye 132 unapata 254, karibu sawa na faida yote ya 256. Yaani kukua peke yake kungemeza kiasi kama cha uchakavu tu, na hakuna ambaye angefungua uzi huu.

Ukuaji wa kawaida unakula fedha lakini siku hazisogei. Siku zikisogea mwaka baada ya mwaka, tena kwa upande mmoja, hapo ndipo unapouliza maswali.

---

Jicho_la_Tai

Mama anazunguka sana. Semeni tu ni wizi. Mauzo hewa hayo! Hii si ndiyo ile ya Sunbeam? Faida kibao, fedha hakuna, mwisho wa siku kampuni chali.

---

Mama_Mizania

Jicho, Sunbeam ni mfano mzuri, ila uufuate ulivyokuwa hasa.

Ilikuwa kampuni ya Marekani ya vyombo vya nyumbani, ikiongozwa na Al Dunlap. Mwaka 1997 ilitangaza faida ya dola milioni 109.4. Fedha za uendeshaji mwaka huohuo zilikuwa hasi milioni 8.2. Na hiyo hasi imepambwa, kwa sababu Desemba waliuza madeni ya wateja wao kwa kama dola milioni 59 ili fedha ziingie kabla mwaka haujafunga. Bila hapo ingekuwa mbaya zaidi.

Walichofanya ni kuwashawishi wenye maduka wanunue majiko ya kuchomea nyama miezi mingi kabla ya msimu wake. Waliwapa punguzo na muda mrefu wa kulipa, na mara nyingine mzigo wenyewe haukuondoka, ulikaa ghalani kwa niaba ya mnunuzi. Kwenye vitabu tayari ni mauzo. Dunlap alifukuzwa Juni 1998, hesabu za 1997 zikarekebishwa, faida ikashuka hadi milioni 38.3. Mwaka 2001 kampuni ikaomba ulinzi wa kufilisika.

Zingatia kwamba majiko yalikuwepo, wanunuzi pia. Kilichoghushiwa ni *wakati* wa mauzo. Kesi nyingi za namna hii hazianzi na mauzo hewa kabisa, zinaanza na mtu anayekopa mapato ya mwaka ujao ili afikie lengo la mwaka huu. Mwaka ujao unaanza na pengo, inabidi akope zaidi. Ndiyo maana pengo la fedha haliwi la mara moja, linapanuka.

Kwa Nahodha mpaka sasa tuna dalili. Kuita wizi ni mapema.

---

Fundi_Mkataba

Samahani naingilia. Mimi nina kampuni yangu ndogo ya kufunga mitambo, watu tisa, na tatizo ni hilihili. Mhasibu ananiambia nimepata faida, nikiangalia benki hakuna kitu, mishahara nakopa. Naomba ushauri, nifanyeje wateja walipe haraka? Niweke riba kwa wanaochelewa?

Shida yangu si kwamba wateja wanakataa ankara. Ni kwamba hata ankara yenyewe sijaitoa. Mkataba unasema nitume ankara mteja akishasaini cheti cha kukamilika kwa hatua. Namaliza kazi, mhandisi wake anasema bomba moja linavuja, au yuko safari, au anataka kitu ambacho hakikuwemo kwenye mkataba. Miezi mitatu inapita. Mhasibu wangu huku keshaandika mapato kwa sababu kazi imefanyika.

---

Kisukuku

Dada Fundi, fungua uzi wako, hapa tunazungumzia ripoti za makampuni yaliyoorodheshwa.

---

Mama_Mizania

Kisukuku, mwache. Huyu ametuonyesha mlango ambao sisi wote tumeupita.

Fundi, kwa swali lako: riba ya ucheleweshaji haitakusaidia, kwa sababu inaanza kuhesabiwa baada ya ankara, na wewe ankara huna. Unachohitaji ni kipengele kwenye mkataba kwamba mteja asiposaini wala kuleta pingamizi la maandishi ndani ya siku kadhaa, mathalani 14, kazi inahesabiwa imepokelewa. Na gawa mkataba katika hatua ndogondogo, ili bomba moja lisizuie nusu ya malipo. Mengine fungua uzi kweli, nitakuja.

Nahodha, rudi kwenye maelezo yaliyo nyuma ya mizania, ukurasa wa wadaiwa. Wadaiwa wamegawanywa: zenye ankara, na zile ambazo kazi imehesabiwa lakini ankara haijatoka. Siku hizi ripoti nyingi huziita mali za mikataba. Niambie kila moja ilikuwa ngapi 2020 na ni ngapi 2024. Na tengo la madeni mabaya.

---

Nahodha_Mkavu

Nimeipata, maelezo namba 17, maandishi ya kusomea na miwani miwili.

Zenye ankara: 2020 zilikuwa 63, sasa 144.
Zisizo na ankara: 2020 zilikuwa 9, sasa 118.
Tengo la madeni mabaya: 3 mwaka 2020, 4 sasa.

Kusema kweli hiyo 9 kuwa 118 imenishtua. Ukurasa wa mbele wa mizania zote zimeandikwa mstari mmoja, "wadaiwa na wengineo".

---

Mama_Mizania

Hapo sasa yale maneno ya mkurugenzi wa fedha yanapimika.

Zenye ankara: 63 kwa mapato 400 ni siku 57. Leo 144 kwa 780 ni siku 67. Wateja wamechelewa kwa siku kumi. Si nzuri, ila si habari kubwa. Kama "muda wa malipo ya wateja" ndilo jibu, lingeonekana hapa, na halionekani.

Zilizobaki ziko upande wa pili. Zisizo na ankara zimeongezeka mara 13 huku mapato hayajafika hata mara mbili. Mteja hajachelewa kulipa deni hili. Hajaletewa deni.

Mapato ya mkataba mrefu huandikwa hivi. Tuseme mkataba ni wa 100, na meneja wa mradi anakadiria kazi yote itagharimu 80. Mpaka mwisho wa mwaka ametumia 40. Anasema tumefika nusu, kwa hiyo anaandika mapato 50 na faida 10. Ni halali, na mara nyingi ndiyo njia sahihi.

Sasa chukua meneja huyohuyo, amepigiwa simu na makao makuu wiki ya mwisho ya Desemba. Anapitia makadirio, anasema gharama yote itakuwa 72 badala ya 80. Hakuna mfanyakazi aliyeongeza hata saa moja ya kazi, hakuna aliyelipa chochote. Lakini 40 kati ya 72 ni asilimia 55.6, mapato yanakuwa 55.6, na faida inaruka kutoka 10 hadi 15.6. Ongezeko lote linaingia kwenye mstari wa zisizo na ankara, kwa sababu ankara inafuata cheti cha Fundi, haifuati kompyuta ya meneja.

Na kama ukweli ni kwamba kazi itagharimu 95? Basi amefika asilimia 42, na faida aliyostahili kuandika ni 2 tu. Tofauti ya 2 na 15.6 yote imo kwenye tarakimu moja ambayo mtu mmoja ameikisia.

Kwa hiyo nikiona mapato yasiyo na ankara yanapanda namna hii, nafikiria mambo matatu. La kwanza ni la Fundi: kazi imefanyika kweli, vyeti vimekwama. La pili, kuna kazi za ziada ambazo kampuni imezifanya na kuzihesabu, mteja anasema hakuziagiza. La tatu ni makadirio ya matumaini. La kwanza litalipwa. La pili litalipwa nusu baada ya mvutano. La tatu halitalipwa, litafutwa.

Na tengo: 3 kati ya 63, sasa 4 kati ya 144. Madeni yamezidi mara mbili, kinga imebaki karibu ileile. Si kubwa kwa kiasi, ila inaniambia mkono wa anayeandika umeegemea upande gani.

---

Kisukuku

Nakubali hiyo ya ankara sikuiona. Lakini Mama, hizi hesabu zimekaguliwa! Kampuni kubwa ya ukaguzi imesaini miaka yote mitano bila dosari. Ina maana wewe kwa simu yako umeona ambacho wao wenye faili zote hawajaona?

---

Mama_Mizania

Nimefanya ukaguzi miaka mingi, kwa hiyo nitakujibu kutoka ndani.

Mkaguzi anaona. Swali lake si kama makadirio yanapendeza, ni kama yanavumilika. Meneja anasema 72, mimi nadhani 78, ana barua ya msambazaji kuonyesha bei imeshuka, mhandisi wake ananieleza kwa lugha ambayo nusu siielewi. Naweza kusema 72 haiwezekani? Mara nyingi siwezi. Mradi mmoja mmoja unapita, kila mmoja ukiwa ukingoni mwa kinachokubalika, na wote ukingo uleule. Viwango vinatutaka turudi nyuma tulinganishe makadirio ya zamani na matokeo, ila mradi ambao haujaisha hauna matokeo. Ukitaka kuficha, usimalize mradi.

Nahodha, soma ripoti ya mkaguzi yenyewe, ile sehemu ya mambo makuu ya ukaguzi. Kama mapato ya mikataba yametajwa pale, mkaguzi amekuonyesha kidole alipokosa usingizi. Kusaini amesaini.

Na huhitaji wizi ili hili likuhusu. Mwaka 1996 mtafiti wa uhasibu Richard Sloan alionyesha kwa data ya makampuni ya Marekani kwamba ile sehemu ya faida isiyokuja na fedha haidumu kama ile inayokuja nazo, na kwamba soko lilikuwa likizipa uzito uleule. Wengi waliokuwemo kwenye data hiyo hawakuwa wezi. Faida ya makadirio huwa inarudi chini yenyewe.

---

Jicho_la_Tai

Basi mimi nimepata kanuni: fedha chini ya faida, kimbia, fedha juu ya faida, nunua. Nimemaliza.

---

Mama_Mizania

Hapana jamani.

Carillion ya Uingereza, kampuni ya ujenzi na huduma, kwa miaka kadhaa ilionyesha fedha zinazofuata faida vizuri tu, na viongozi wake walijivunia hilo. Kuanzia 2013 walikuwa na mpango ambapo benki iliwalipa wasambazaji wao mapema, na Carillion ikailipa benki baadaye sana. Kwa akili ya kawaida huo ni mkopo wa benki. Kwenye vitabu ukaandikwa chini ya wadai wengineo, kwa hiyo ulibaki ndani ya uendeshaji na kuzipamba fedha. Moody's, wanaopima uwezo wa makampuni kulipa madeni, baadaye walisema kiasi kilichokaa hapo kilifika hadi pauni milioni 498. Julai 2017 wakatangaza kufuta pauni milioni 845 za mikataba, na Januari 2018 wakaingia kwenye ufilisi na pauni milioni 29 tu za fedha. Kule chini tatizo lilikuwa hilihili la Nahodha, mikataba iliyohesabiwa kwa matumaini. Pengo lilizibwa juu tu.

WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani, walifanya kingine: gharama za kila siku za kukodi laini za simu waliziandika kama ununuzi wa mali. Zikatoka kwenye uendeshaji zikaenda kwenye uwekezaji, faida ikapanda *na* fedha za uendeshaji zikapanda pamoja. Kipimo chetu cha leo kingewapa alama nzuri. Ilibidi utoe na fedha za kununua mali ndipo uone.

Kwa hiyo pengo likiwepo linakuambia uchimbe. Lisipokuwepo halikuambii ulale. Kuanzia 2024 viwango vya kimataifa vinataka kampuni zieleze mipango ile ya benki kulipa wasambazaji, angalau sasa kuna maelezo ya kutafuta.

---

Mwanachuo_wa_Mwisho

Nimejaribu kipimo hiki kwa benki moja, miaka mitatu fedha za uendeshaji ni hasi kubwa na faida ipo. Ina maana nayo inadanganya?

---

Mama_Mizania

Benki iache. Kwake kukopesha ndiyo uendeshaji wenyewe, kila mkopo mpya ni fedha inayotoka. Kwa benki angalia tengo la mikopo mibaya, mambo mengine kabisa.

Na kwa kuwa unapenda kujaribu: kampuni zenye majengo mengi ya kupanga, usilinganishe kabla na baada ya 2019 bila kurekebisha. Kiwango cha uhasibu cha IFRS 16 kilihamisha sehemu kubwa ya kodi ya pango kutoka uendeshaji kwenda kwenye malipo ya madeni, kwa hiyo fedha za uendeshaji zilipanda siku moja bila mtu kuuza chochote zaidi.

---

Nahodha_Mkavu

Nimeangalia mambo mawili zaidi. Mkaguzi ametaja mapato ya mikataba kwenye mambo makuu, miaka mitatu mfululizo, na aya inazidi kurefuka. Na upande wa kulipa: miaka minne fedha za uendeshaji 132, wamenunua mali kwa 88, wakatupa gawio 104. Jumla 192. Zile 60 zilizopungua zimetoka benki, mikopo imepanda kutoka 35 hadi 95.

Kwa hiyo gawio nililokuwa nasifia, zaidi ya nusu yake ni mkopo.

---

Kisukuku

Mimi bado sijauza. Wateja wao wengi ni mashirika ya umma, hao cheti kinapita meza kumi. Inawezekana kabisa ni ile sababu ya kwanza ya Mama, ya akina dada Fundi. Ikiwa hivyo, hizo 118 zitalipwa na mtajuta.

---

Mama_Mizania

Inawezekana, Kisukuku. Kwa karatasi tulizonazo siwezi kukukatalia. Ninachoona kigumu ni kwamba mashirika ya umma yalikuwa na meza kumi hata 2020, na wakati huo zilikuwa 9.

---

Fundi_Mkataba

Nahodha, mkutano wa wenye hisa ukifika usiulize "kwa nini fedha ni chache", watakujibu muda wa malipo. Uliza hivi: katika zile 118, ngapi zina cheti kilichosainiwa na mteja, na ngapi ni za kazi zenye umri zaidi ya mwaka? Sisi wa kazi hii tunajua, cheti kikipita mwaka bila saini si kwamba mhandisi yuko safari. Kuna ugomvi.

---

Nahodha_Mkavu

Swali hilo nalichukua lilivyo. Nitaongeza moja: katika zisizo na ankara za mwisho wa 2023, ngapi zilitumiwa ankara ndani ya 2024, na ngapi bado zimo humohumo.

Mkutano ni mwezi ujao. Nimeuza theluthi moja ya hisa leo asubuhi, zilizobaki zinasubiri jibu.

---

Jicho_la_Tai

Theluthi tu? Haya.